Chini, Kati au Juu: Siasa ya Vitanda katika Treni za Usiku za India

Katika treni za masafa marefu za India, mara baada ya abiria kuandika jina na umri wake, mfumo wa kukata tiketi humtaka aseme anapenda kulala wapi: kitanda cha chini, cha kati, cha juu, au mojawapo ya vile viwili vya pembeni vilivyopangwa kandokando ya ujia. Jibu lake ni ombi tu wala si haki, kwa kuwa kompyuta hugawa kilichopo, lakini ombi hilo lina uzito kuliko wageni wengi wanavyodhani, kwani katika safari ya saa 24 au 30 ndilo litakaloamua iwapo mtu atakaa au atalala mchana, atajifunika mbele ya macho ya nani usiku, na mzigo wake utakuwa umbali gani kutoka mkononi mwake.

Jambo hili linawahusu pia Waafrika Mashariki wengi, hasa wagonjwa na ndugu zao wanaokwenda kutibiwa katika miji ya kusini kama Chennai na Vellore, pamoja na wanafunzi wanaosoma katika vyuo vya huko. Aliyezoea daraja la pili la TAZARA anaijua tayari safu ya vitanda vitatu kila upande, kimoja juu ya kingine. Asichokijua ni kuishi nayo bila mlango. Katika TAZARA abiria sita hufungiwa chumba kimoja, wanaume kwao na wanawake kwao isipokuwa kundi moja limekodi chumba kizima, ilhali katika madaraja ya kawaida ya kulala nchini India behewa lote ni ukumbi mmoja uliogawanywa kwa kuta fupi, wanawake na wanaume wakichanganyika, na ujia ukipita waziwazi ubavuni mwa kila kitanda. Kwa sababu hiyo kimo cha kitanda hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na mlango.

Kila sehemu iliyo kati ya kuta mbili, ambayo katika makala haya itaitwa chumba wazi, ina vitanda vinane. Vitatu vimeegemezwa kwenye ukuta mmoja na vitatu kwenye ukuta unaoukabili, vyote sita vikilala kukingama upana wa behewa, na vingine viwili, cha chini na cha juu, vimewekwa ng'ambo ya ujia, chini ya dirisha la upande wa pili, vikifuata urefu wa treni. Hivi viwili ndivyo vya pembeni. Namba zake hufuata mpangilio usiobadilika katika daraja la kulala lisilo na kiyoyozi na katika daraja la tatu lenye kiyoyozi: namba 1 na 4 ni za chini, 2 na 5 za kati, 3 na 6 za juu, 7 ni ya pembeni chini na 8 ya pembeni juu, kisha chumba kinachofuata huanza na namba 9 kwa utaratibu uleule. Kwa hiyo anayepewa namba yoyote anaweza kuigawa kwa nane na kutazama baki. Namba 43, kwa mfano, hubakiza tatu, basi ni kitanda cha juu. Namba 44 hubakiza nne, nayo ni ya kitanda cha chini. Namba 48 haibakizi kitu, na mwenye nayo atalala pembeni juu. Hesabu hiyo haifai kwa daraja la pili lenye kiyoyozi, ambalo halina vitanda vya kati na chumba chake kina vitanda sita tu, wala kwa mabehewa ya awali ya treni za Garib Rath, ambayo yaliongezewa kitanda cha kati hata upande wa ujia.

Kinachowachanganya wageni zaidi ni kwamba kitanda hicho kina maisha mawili. Mchana kitanda cha kati hukunjwa kikaning'inia ukutani na kuwa egemeo la mgongo, na kitanda cha chini huwa benchi la watu watatu, yaani mwenyewe, wa kati na wa juu akitaka kuteremka. Usiku cha kati huinuliwa na kushikizwa kwa minyororo, na kuanzia hapo benchi hufa: aliyeko chini hawezi tena kukaa wima kwa sababu kichwa chake kitagonga kitanda kilicho juu yake, na aliyeko kati hawezi kukaa wima hata kidogo, kwani amebanwa kati ya mbao mbili. Uamuzi wa saa ya kuinua kitanda cha kati ni uamuzi wa lini watu wote sita watalala, na ndiyo maana ugomvi mwingi wa ndani ya mabehewa haya huzuka kati ya mtu wa chini anayetaka kujinyoosha saa mbili usiku na mtu wa kati ambaye hajala bado, au kinyume chake asubuhi, mtu wa kati anapoendelea kukoroma huku aliye chini amejikunja kama kifaranga ndani ya yai.

Shirika la Reli la India limejaribu kuumaliza ugomvi huo kwa kanuni. Kwa utaratibu uliorekebishwa mwaka 2017, muda wa kulala ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya hapo ulianza saa tatu usiku, na saa moja hiyo iliondolewa kwa sababu walikuwapo abiria waliokuwa wakilala tangu walipopanda treni na kuwanyima wenzao mahali pa kukaa. Nje ya saa hizo nane, mwenye kitanda cha chini anawajibika kuwaachia wa kati na wa juu nafasi ya kukaa, na ndani yake, mwenye kitanda cha pembeni juu hana dai lolote juu ya kile cha pembeni chini. Wagonjwa, wenye ulemavu na wajawazito wanaombewa ushirikiano wa wenzao hata nje ya muda huo, na neno lililotumika ni ushirikiano, si amri. Mgonjwa anayetegemea kanuni hiyo anategemea, kwa kweli, moyo wa jirani yake.

Ikitazamwa kwa jicho la faragha, sifa ya kitanda cha chini inapungua sana. Kitanda hicho hutafutwa kuliko vingine vyote, lakini mwenye nacho ni mwenyeji asiyelipwa: chakula cha watoto wa watu huliwa juu ya shuka lake, mizigo ya wote sita huingizwa chini yake, na katika daraja lisilo na kiyoyozi, ambako watu wasio na tiketi za vitanda hupenyeza mara kwa mara, si ajabu abiria akashtuka usiku wa manane na kukuta mgeni ameketi kwenye ukingo wa kitanda, karibu kabisa na miguu yake. Anayelala chini pia yuko kwenye usawa wa macho ya kila anayeketi au kuinama. Kitanda cha juu ni kinyume chake. Mtu aliyeko huko haonekani na anayepita ujiani mpaka ainue kichwa, halazimiki kuondoka mchana, kwani hakuna kanuni inayomteremsha, na anaweza kulala saa nane mchana akiamua. Wanawake wengi wanaosafiri peke yao hukipendelea kwa sababu hiyo, ingawa faragha hiyo ina gharama yake kila mara haja inapombana mtu: ngazi ni vipande vichache vya chuma vilivyofungwa ukingoni, na kuviteremka gizani, ukiwapita watu wawili usiowajua, kunahitaji goti zima na mavazi yasiyoburuta.

Cha pembeni juu kinadanganya. Kwenye mchoro kinaonekana kuwa na upweke wote wa juu bila majirani watano, lakini kimewekwa sambamba na ujia, kwa hiyo ubavu mzima wa mlalaji, wala si miguu tu, uko wazi kwa wapitao. Katika daraja la pili lenye kiyoyozi pazia huliondoa tatizo hilo. Katika daraja la kulala lisilo na kiyoyozi hakuna pazia. Cha pembeni chini kina dirisha lake peke yake, jambo ambalo wapenda mandhari hulithamini, lakini katika mabehewa mengi huundwa kwa kukunja viti viwili vinavyotazamana hadi vikutane, na mahali vinapokutana hubaki mfereji unaouma kiunoni usiku kucha. Isitoshe, ndicho kitanda kinachotumiwa kwa abiria wenye tiketi za RAC, yaani wale waliouziwa tiketi kwa matumaini kwamba kuna mwenzao atakayeghairi safari. Asipopatikana, wawili hugawana kitanda hicho kimoja wakiwa wameketi. Aliyeona alama ya RAC kwenye tiketi yake na bado akajipangia usingizi, amejipangia jambo lisilo lake.

Kuhusu usalama, watu huogopa kuanguka kutoka juu, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa kizuizi cha kitanda cha juu ni kifupi na hakifuniki urefu wote wa ubavu. Hata hivyo kuna jambo ambalo ramani ya vitanda haimwambii mtu. Kwa kuwa vitanda sita vimekingama upana wa behewa, treni inapofunga breki mwili hutaka kuendelea mbele, na matokeo hutegemea ukuta uko upande gani: katika vitanda vitatu ambavyo ukuta wake uko mbele, mlalaji husukumwa ukutani na kukaa salama, lakini katika vitanda vitatu vinavyoutazama ukuta huo, husukumwa kuelekea ukingo ulio wazi. Hakuna namna ya kuchagua upande ulio bora wakati wa kukata tiketi, kwani mtu hajui behewa limeunganishwa likitazama wapi, na ziko treni ambazo injini huhamishwa mkia ukawa kichwa katika kituo cha katikati ya safari. Lakini baada ya kupanda inaonekana wazi, na mzazi aliyepewa vitanda viwili vya juu vinavyotazamana ana sababu ya kumweka mtoto kwenye kile ambacho ukuta wake uko upande wa injini.

Hatari nyingine huzingatiwa na wachache mpaka itokee. Mnamo Juni 2024, treni ikiwa katika jimbo la Telangana, abiria aliyekuwa kwenye kitanda cha chini aliangukiwa na kitanda kilichokuwa juu yake na baadaye akafariki dunia. Wizara ya Reli ilieleza kwamba kitanda hakikuwa kibovu, bali mnyororo wake haukuwa umeshikizwa sawasawa na abiria aliyekitumia. Maelezo hayo yanatoa picha ya kitanda cha kati ambayo kila abiria anapaswa kuwa nayo: ni kipande kizito kinachobebwa na ukuta kwa bawaba upande mmoja na kwa minyororo miwili upande wa pili, na kuishikiza minyororo hiyo ni kazi ya abiria wenyewe. Ndoana ikiingia nusu, kitanda kinaweza kusimama vizuri kikiwa kitupu na hata mtu anapopanda taratibu, kisha kikateleza treni inapotikisika. Dalili yake ni rahisi kuiona: mnyororo uliokaa vizuri hunyooka pande zote mbili kwa kiasi kimoja, na ukivutwa chini kwa nguvu hausogei; upande mmoja ukilegea kuliko mwingine, au kitanda kikiinama kuelekea miguuni, hakijashika. Anayefaa kufanya uchunguzi huo ni mtu wa chini, kwa sababu yeye ndiye atakayeangukiwa, lakini kwa mazoea huachiwa mtu wa kati.

Wizi nao una sura yake katika kila ngazi. Kwenye madirisha yasiyo na vioo vya kudumu, simu inayotumiwa na mtu wa chini hunyakuliwa kutoka nje treni inapopunguza mwendo kuingia kituoni, na mkufu shingoni uko katika hatari ileile. Kwa upande mwingine, mizigo mikubwa hukaa chini, na chini ya benchi mna vikuku vya chuma vilivyowekwa makusudi ili begi lifungwe kwa mnyororo na kufuli. Mwenye kitanda cha chini hulala juu ya mali yake, ilhali wa juu ameiacha mali yake kwa watu wengine umbali wa mita mbili. Suluhisho la watu wazoefu ni kugawa mali mara mbili: begi kubwa hufungwa chini kwa mnyororo, na mkoba mdogo wenye pasipoti, dawa na fedha hupanda juu na kuwa mto wa kichwa.

Usingizi wenyewe huathiriwa na mambo mawili, urefu kutoka sakafuni na umbali kutoka mlangoni, na la pili husahauliwa. Behewa linapopita kwenye kona au reli isiyonyooka huyumba kushoto na kulia likizunguka nukta iliyo karibu na sakafu, kwa hiyo kadiri mtu alivyo juu ndivyo anavyosafirishwa mbali zaidi kwa kila yumbo. Mwenye kichefuchefu cha safari asilale juu. Mirindimo ya magurudumu, kwa upande wake, haibadiliki sana kwa ngazi, bali hutegemea mahali kitanda kilipo katika urefu wa behewa, kwa kuwa seti za magurudumu ziko mbili tu, moja karibu na kila mwisho, na vyumba vya katikati huning'inia baina yake kwa utulivu mkubwa zaidi. Mwishoni ndiko pia kuliko vyoo, milango inayogongwa, na taa isiyozimwa. Katika behewa la vitanda 72, namba 1 hadi 8 na 65 hadi 72 ndizo zenye adha hizo zote kwa pamoja, na kitanda cha juu katikati ya behewa ni kimya kuliko cha chini kilicho mlangoni. Hali ya hewa nayo hubagua: bila kiyoyozi, joto la paa lililopigwa na jua kutwa nzima humshukia wa juu hadi baada ya usiku wa manane, ingawa feni ziko karibu naye; penye kiyoyozi, ni huyohuyo wa juu anayepulizwa baridi ya tundu la hewa usoni na kuhitaji blanketi ambalo wa chini amelipiga teke.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi mambo haya yanavyokutana wakati wa kukata tiketi. Mama wa miaka 62 mwenye maumivu ya goti anasafiri na wanawe wawili watu wazima katika daraja la tatu lenye kiyoyozi. Mfumo una fungu maalumu la vitanda vya chini kwa wanaume wa miaka 60 na zaidi, wanawake wa miaka 45 na zaidi, na wajawazito, ambalo katika daraja hilo ni vitanda vinne au vitano tu kwa behewa, na sita au saba katika daraja la kulala la kawaida. Fungu hilo hutolewa kwa tiketi yenye abiria mmoja au wawili wenye sifa hizo pekee. Wanawe wakiandikwa pamoja na mama kwenye tiketi moja, familia nzima inaangukia fungu la jumla, na mama huenda akapewa kitanda cha juu huku nafasi yake ya upendeleo ikienda kwa mwingine. Akikatiwa tiketi ya peke yake anapata nafasi nzuri zaidi ya kulala chini, lakini hapo kuna uwezekano wa kupangwa behewa tofauti na wanawe. Njia ya kati ni kukata tiketi moja ya wote watatu kwa kutumia kisanduku kinachoamuru kwamba tiketi isitolewe mpaka angalau kitanda kimoja cha chini kipatikane, kisha mama akakichukua kitanda hicho bila kujali jina la nani limeandikwa mbele ya namba ile, maana ndani ya familia moja hakuna atakayepinga. Njia hii hufaa tiketi zinapokuwa bado nyingi, wiki kadhaa kabla ya safari. Siku za sikukuu mfumo hurudisha jibu la kukosa, na hapo tiketi ya peke yake ya mama inarudi kuwa bora.

Yote yakishindikana, hubaki mkaguzi wa tiketi, ambaye ana mamlaka ya kumhamishia mzee, mjamzito au mlemavu aliyepewa kitanda cha juu kwenye kitanda cha chini kilichobaki wazi baada ya treni kuondoka. Abiria wasiotokea ni wengi kuliko inavyofikiriwa, kwa hiyo ombi hilo lifanywe mapema, mkaguzi anapopita mara ya kwanza na orodha yake, kabla hajawagawia vitanda hivyo wenye tiketi za RAC. Kubadilishana na jirani pia ni desturi iliyozoeleka, na kijana mwenye kitanda cha chini mara nyingi hufurahia kupewa cha juu. Mwenye cha kati ndiye asiye na cha kutoa, kwa kuwa hakuna anayekitamani.

Dharau hiyo kwa kitanda cha kati, hata hivyo, hupita kiasi. Kasoro zake karibu zote ni za mchana: kukunjwa, kutegemea hisani ya mtu wa chini, kusubiri saa nne ifike. Katika treni inayoondoka saa nne usiku na kufika saa kumi na mbili asubuhi, mchana haupo, na kinachobaki ni kitanda kisichokaliwa na wageni, kisichofikiwa na mkono wa dirishani, kisichoyumba kama cha juu wala kupulizwa na tundu la hewa, na ambacho ngazi yake ni fupi. Kwa safari ya namna hiyo, mtu mwenye afya anayeombwa achague baada ya vitanda vya chini kwisha hana sababu ya kukimbilia juu, mradi tu amevuta minyororo yote miwili kabla hajapanda.